KICHWA KIDOGO, MUDA MKUBWA: Nilivyopanga upya bei za saluni ya kunyoa nikawalenga watoto

Wengi humu mnauza viatu, mikoba, vipodozi, mashuka. Mimi nauza kiti. Nina saluni ndogo ya kiume hapa Kingolwira, ukitoka Msamvu kuelekea Dar, fremu moja, viti viwili, kinyozi mmoja na mimi mwenyewe. Wateja wangu wengi siku hizi nawapata kwa simu kabla hawajafika dukani, ndiyo maana naona yaliyonikuta yanawahusu na nyie. Leo naongelea jambo moja tu, kuchagua aina ya mteja na kupanga bei inayoendana naye.

Nianze na nilipokosea. Niliingia na ndevu. Nilikuwa naona Instagram jinsi vinyozi wa Dar wanavyochonga ndevu, taulo la moto, piko, skrabu, picha ya kabla na baada. Nikasema hii ndiyo hela. Nikanunua trima nzuri, taulo, mashine ya mvuke, nikaweka kifurushi cha ndevu shilingi 5,000. Nikabandika bango. Nikasubiri.

Kilichotokea ni kwamba mtu wa kuchonga ndevu anataka kurudi kila wiki au siku kumi, maana mstari wa ndevu unaharibika haraka kuliko nywele za kichwani. Sasa mtu wa namna hiyo kwa hapa kwetu mara nyingi anafanya kazi mjini, na ananyolewa huko huko karibu na kazini kwake jioni akitoka. Akirudi Kingolwira giza limeingia, anataka kula alale. Jumapili anaweza kuja, lakini Jumapili moja haiwezi kubeba kifurushi cha 5,000. Sisemi ndevu hazilipi. Ukiwa na fremu karibu na ofisi, benki au stendi zinalipa sana. Kwangu hazikulipa kwa sababu ya mahali nilipo, na niliamua kabla sijahesabu nani anaingia mlangoni.

Kuhesabu kwenyewe ni rahisi. Nilichukua daftari la shule la kawaida, nikachora mistari minne: saa aliyokaa, saa aliyoinuka, nani (mtu mzima, mwanafunzi, mtoto mdogo) na alilipa ngapi. Wiki mbili. Usihesabu wiki moja, maana wiki moja inaweza kuangukia mwisho wa mwezi ikakudanganya. Na usimwachie kinyozi aandike akikumbuka jioni, atakuandikia anavyojisikia. Niliandika papo hapo, mteja akiinuka na mimi nashika kalamu.

Wiki mbili zilipoisha nilikuta vichwa 168. Watu wazima 81, wanafunzi 61, watoto wadogo wa chini ya miaka mitano 26. Ndevu peke yake zilikuwa tisa. Yaani zaidi ya nusu ya waliokaa kwenye viti vyangu walikuwa watoto, na mimi bango langu lote lilikuwa linaongelea ndevu.

Kwa nini watoto wengi? Shule zetu za msingi za serikali zinataka nywele fupi, wavulana na wasichana. Mwalimu wa zamu akikagua akakuta nywele zimekua, mtoto anarudishwa au anaaibishwa mstarini. Na nywele zinakua karibu sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo mtoto aliyenyolewa namba moja, baada ya wiki tatu hivi mzazi anaanza kukumbushwa. Hapo huna haja ya kumshawishi mtu.

Lakini idadi haikunishtua kama mstari wa dakika ulivyonishtua. Hapa naomba mtulie kidogo.

Bei zangu zilikuwa kama za kila mtu mtaani. Mtu mzima nywele na ndevu 3,000, mtoto yeyote buku. Kichwa kidogo, hela ndogo. Nikagawa hela kwa dakika. Mtu mzima wa 3,000 alikuwa anakaa wastani wa dakika 30, maana yake kiti kinaingiza shilingi 100 kwa dakika. Mwanafunzi wa buku alikuwa anamaliza dakika 10, namba moja kichwa kizima, pia shilingi 100 kwa dakika. Sawa. Mtoto mdogo wa buku alikuwa anakula dakika 25. Analia, anashuka, mama anambembeleza, anarudi, anageuza shingo. Shilingi 40 kwa dakika.

Kwa hiyo yule niliyekuwa namchaji kidogo kwa sababu kichwa chake kidogo, ndiye alikuwa mteja wangu wa gharama kubwa kuliko wote. Kumbe siuzi nywele, nauza dakika za kiti.

Na hapo nikaelewa kitu kingine kilichokuwa kinanisumbua muda mrefu. Kinyozi wangu namlipa asilimia 40 ya kila kichwa. Akinyoa mtoto mdogo anapata 400 kwa karibu nusu saa ya makelele. Akinyoa mtu mzima anapata 1,200 kwa muda huo huo. Ndiyo maana kila mama akiingia na mtoto mgongoni, ghafla kinyozi anaenda kununua vocha. Nilikuwa namuona mvivu, kumbe anajua hesabu kuliko mimi. Kama una mtu unamlipa kwa kichwa au kwa oda, angalia ni wateja gani anawakimbia. Mara nyingi bei yako hapo ina tatizo.

Basi nikaamua, saluni iwe ya watoto, na ndevu zibaki pembeni. Nikabadilisha bei namna hii. Mwanafunzi namba moja au upara, buku, nimeacha pale pale kwa sababu hiyo bei inajulikana mtaa mzima na hesabu yake ilikuwa nzuri. Ndugu wa nyumba moja wakija watatu kwa pamoja, 2,500. Hii si huruma. Watatu wa namba ile ile, wamepangana, sibadilishi chanuo ya mashine wala simsubiri mtu, kila mmoja anakwenda dakika nane. Dakika 24 kwa 2,500 ni zaidi ya shilingi 100 kwa dakika. Punguzo linatoka kwenye muda niliookoa, halitoki mfukoni kwangu. Mtoto wa chini ya miaka mitano, 2,000.

Hiyo ya mwisho ndiyo iliyoleta maneno. "Kaka, kichwa hiki kidogo hivi elfu mbili?" Mama mmoja alinicheka kabisa akaenda zake kwa jirani. Sikubishana. Nilichojifunza ni kwamba huwezi kupandisha bei ya kitu kile kile. Nililazimika kukifanya kitu kiwe kingine, mama akione kwa macho kabla hajauliza bei.

Cha kwanza ni muda. Mtoto mdogo ana miadi, Jumamosi kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 5, kila baada ya dakika 20. Kwa nini asubuhi? Mtoto ameshakula, hajaanza kusinzia, na saluni bado haina foleni ya kumtisha. Mtoto wa miaka miwili ukimleta saa 8 mchana anapotaka kulala, hata ungekuwa fundi gani utapigana naye tu.

Cha pili ni namna ya kunyoa. Zamani tulikuwa tunamfunga kile kitambaa shingoni, tunawasha mashine, tunaanza utosini. Hiyo ni kumtisha mara tatu kwa mpigo. Sasa mtoto anakaa mapajani kwa mama, kitambaa anafungwa mama. Mashine inawashwa mbali kwanza, halafu namgusisha mgongo wa mashine, upande usio na meno, kwenye kiganja chake ahisi mtetemo. Naanza kisogoni, mbele namalizia. Natumia mashine ya kuchaji, sauti yake ni ndogo kuliko ile kubwa ya waya, na umeme ukikatika mtoto habaki nusu kichwa. Kuna siku lilinitokea hilo la nusu kichwa, mama alikaa pale saa nzima, sitaki kukumbuka.

Na kingine ambacho vinyozi wengi hatukiangalii, joto. Meno ya mashine yakisugua mfululizo yanapata moto. Mtu mzima anavumilia, mtoto anapiga kelele na sisi tunasema ni mtundu. Kila baada ya kichwa kimoja nabandika meno kwenye ngozi ya ndani ya mkono wangu. Nikihisi moto, natia tone la mafuta ya mashine, naiweka chini, nachukua nyingine. Kwa hiyo mashine mbili si anasa ukiamua kunyoa watoto, ni lazima. Wembe kwa mtoto situmii kabisa. Mstari wa mbele nachora kwa trima, maana mtoto akigeuka ghafla wembe haurudi nyuma.

Kwa wale wa miaka minne mitano wasiotaka kubebwa, fundi seremala alinitengenezea ubao wa kulaza juu ya mikono ya kiti, umelainishwa kwa msasa na kuvishwa godoro dogo. Mtoto anakaa juu, kichwa kinafika kwenye usawa wangu, siinami. Huo ubao ndio tangazo langu kubwa. Mama akiuona anaelewa hapa mtoto wake alitarajiwa.

Kwa mpangilio huo dakika 25 zikashuka hadi 20. Na 2,000 kwa dakika 20 ni shilingi 100 kwa dakika, sawa na mtu mzima. Kinyozi anapata 800. Vocha haendi kununua tena.

Sasa tuje kwenye jambo linaloweza kuizika saluni ya watoto ndani ya mwezi mmoja, nalo ni mapunye. Mapunye ni fangasi wa ngozi ya kichwa, na wanaopata zaidi ni watoto wa umri wa shule. Mtoto mmoja akitoka kwako na mapunye, mama zake na wenzake wataongea kwenye kikundi cha darasa, na huna cha kujibu. Fangasi huyo anahama na nywele zilizokatika na magamba yanayobaki kwenye meno ya mashine, kwenye chanuo, kwenye brashi na kwenye kitambaa.

Kosa ambalo nilikuwa nafanya, na naliona saluni nyingi, ni kupulizia spiriti juu ya mashine yenye nywele, kufuta sekunde mbili na kuendelea. Spiriti haiwezi kufanya kazi chini ya tabaka la nywele na mafuta, na inakauka kabla haijafanya chochote. Utaratibu wangu sasa: kwanza nasugua meno kwa brashi mpaka nywele zote zitoke, ndipo napaka spiriti meno yalowe kabisa, naiacha ikauke yenyewe huku nikitumia mashine ya pili. Chanuo za plastiki naziosha kwa maji na sabuni, kisha naziloweka kwenye maji yenye jiki, nazisuuza, nazianika. Jiki usipeleke kwenye meno ya chuma, yanashika kutu. Vitambaa viko kumi na mbili, kimoja kichwa kimoja, jioni vinafuliwa. Na upara wa ziro siusukumi kwa watoto. Mashine tupu inakwaruza ngozi, na penye mkwaruzo ndipo fangasi wanapata mlango. Namba moja inatosha kabisa kwa ukaguzi wa shule.

Je, ukimkuta mtoto tayari ana mapunye? Utaona duara lenye magamba meupe, nywele zimekatikia hapo hapo kwenye ngozi, wakati mwingine vinukta vyeusi au usaha. Mimi simnyoi siku hiyo, na simtangazi mbele za watu. Namwita mzazi pembeni, namwambia ampeleke zahanati, maana fangasi huyu anaingia ndani ya unywele wenyewe, kupaka krimu juu peke yake hakumalizi, mara nyingi daktari anatoa dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa. Namwambia pia awaangalie na wadogo zake. Mama mmoja alikasirika, akaona namfukuzia mtoto. Baada ya mwezi na nusu alirudi na watoto watatu. Hela ya siku ile niliipoteza, ndiyo, buku moja.

Kwa upande wa mtandaoni, sina kurasa kubwa. Nina WhatsApp Business tu. Kwenye katalogi nimeweka vitu vinne na bei zake, mwanafunzi, ndugu watatu, mtoto mdogo kwa miadi, na ndevu. Ijumaa jioni naweka stetasi yenye nafasi za kesho: "Saa 2:00 imechukuliwa, 2:20 ipo, 2:40 ipo." Mzazi anajibu anataka ipi, anatuma buku kama kianzio, iliyobaki analipa akija. Kabla sijaanza kudai kianzio, nafasi tatu au nne kila Jumamosi zilikuwa zinapotea, mtu kaweka miadi kisha hatokei, na wewe umemkatalia mwingine. Buku moja ikimaliza kutumwa, mtu anaamka.

Kila mzazi nimemwekea lebo ya tarehe aliyonyoa. Wiki tatu zikipita anapata meseji fupi, "Habari mama fulani, nywele za kijana zimefika wakati. Jumamosi nafasi zipo." Kwa jina, mmoja mmoja. Niliwahi kutuma tangazo moja kwa wote, watu wakanizuia.

Picha, hapa muwe waangalifu. Picha ya mtoto anatabasamu kwenye ubao inavuta wateja kuliko maneno yote, lakini Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na taarifa za watoto imeziweka kwenye kundi la taarifa nyeti. Mimi naomba ruhusa ya mzazi kwa meseji, siyo kwa mdomo, ili ibaki kwenye simu. Akikataa, napiga picha ya kisogo tu, au ubao mtupu. Kisogo kilichonyolewa vizuri kinatosha kuonyesha kazi.

Hasara zilikuwepo pia, msije mkaona mambo yote matamu. Miezi miwili ya kwanza nilipoteza watu wazima. Daftari lilinionyesha, wale waliokuwa wanakuja Jumamosi asubuhi wakapungua mmoja mmoja, na mmoja aliniambia wazi hawezi kukaa kusikiliza vilio. Dawa ilikuwa kuandika mlangoni, Jumamosi hadi saa 5 ni watoto, kuanzia saa 6 watu wazima. Walirudi wengi, si wote. Na siku za kazi asubuhi saluni ya watoto inakuwa kimya kabisa, wateja wako wako darasani. Huo muda tunafua, tunanoa, na ndipo wazee wastaafu na vijana wa bodaboda wanakuja wakiwa na nafasi.

Halafu kuna msimu. Wiki ya mwisho kabla shule hazijafunguliwa Januari, na tena kabla ya muhula wa pili mwezi wa saba, foleni inafika barabarani. Siku hizo sipandishi bei ya mwanafunzi, maana mzazi ameshalemewa na madaftari na sare, na atakumbuka. Ninachofanya ni kusimamisha miadi ya watoto wadogo kwa wiki hiyo. Kiti kinachokula dakika 20 kwa mmoja, hapo kinaweza kupokea wanafunzi wawili au zaidi, mmoja akiinuka mwingine anakaa.

Na ndevu? Zimerudi zenyewe, kwa mlango wa nyuma. Siku hizi Jumamosi mama anapika nyumbani, anayeleta watoto ni baba. Mtoto akiwa kwenye ubao baba anakaa kiti cha pili bila kazi. Kinyozi anamuuliza kama amchonge ndevu wakati anasubiri, bila piko wala mvuke, trima na mstari tu, dakika 10, shilingi 1,500. Jumamosi iliyopita walikuwa saba. Ile mashine ya mvuke ya kifurushi cha 5,000 niliiuza, aliyeinunua ana fremu Msamvu.